Mwongozo kamili: kurekebisha mizani ya weupe na kutunza rangi halisi ya ngozi nyeusi penye mwanga wa dirisha na taa za ndani

Picha ambazo wasomaji huniletea wakiomba msaada zinafanana mno. Mtu ameketi sebuleni, upande mmoja wa uso unaangaliwa na dirisha na upande mwingine unaangaliwa na balbu ya darini. Paji la uso lina mng'ao wa kibluu, shavu la ndani lina rangi ya chungwa, na shingo imepauka kana kwamba haijapakwa mafuta. Mpiga picha amesogeza kitelezi cha joto la rangi kushoto na kulia hadi amechoka, kwa kuwa kila akiponya upande mmoja anaharibu mwingine.

Kitelezi hicho hakiwezi kuponya picha hiyo peke yake. Mizani ya weupe, ambayo kwenye kamera huandikwa WB, hubadilisha picha nzima kwa kipimo kimoja, ilhali uso ule umemulikwa na mianga miwili yenye rangi tofauti. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kubonyeza kitufe cha kupigia, na kompyuta huachiwa mabaki tu. Mfano nitakaoufuata ni wa bi harusi mwenye ngozi nyeusi anayepambwa sebuleni mchana, dirisha kubwa likiwa kushoto kwake na balbu mbili za njano zikiwaka darini.

## Vitu vinavyohitajika

- Kamera, au simu, inayoweza kuhifadhi faili za RAW. Faili la JPEG huwa limekwisha kuamuliwa rangi na kamera, na sehemu kubwa ya taarifa ya rangi imeshatupwa.
- Kadi ya kijivu ya wapiga picha, hata ile ndogo inayotosha kiganjani.
- Ubao mweupe usio na mng'ao wa kurudishia mwanga, wenye ukubwa wa meta moja hivi. Boksi lililopakwa rangi nyeupe linafaa kabisa. Riflekta ya dhahabu iacheni nyumbani.
- Kitambaa cheusi cha kufunika vitu vinavyotupa rangi usoni.
- Programu ya kuhariria RAW. Nitataja majina ya Lightroom Classic kwa kuwa ndiyo wengi wanayo. Anayetumia darktable, ambayo ni ya bure, atapata kazi hiyohiyo katika moduli ya `color calibration`.

Karatasi ya kuchapia na shuka jeupe visitumike badala ya kadi ya kijivu. Karatasi nyingi za ofisini zimetiwa kemikali za kung'arisha, na sabuni za kufulia nguo nyeupe nazo huwa nazo. Kemikali hizo hupokea miali ya urujuanimno inayoingia dirishani na kuitoa tena kama mwanga wa bluu. Kamera ikisoma bluu hiyo hudhani chumba kizima kimejaa bluu, ikaongeza manjano, na ngozi ikatoka na rangi ya manjano isiyo yake. Shuka lililosuuzwa kwa bluu ya kufulia ni baya zaidi.

## Hatua ya 1: Tambua mianga iliyomo chumbani

Zima kila taa, kisha tazama chumba kwa mwanga wa dirisha pekee. Washa taa moja baada ya nyingine na uangalie inaangukia wapi usoni. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na balbu nyingi zimeandikwa kipimo chake kwenye boksi au kwenye shingo yake: 2700K na 3000K ni za njano, 6500K ni nyeupe inayoelekea bluu. Mwanga wa mchana unaoingia dirishani huwa karibu na 5500K, na hupanda sana dirisha likitazama anga la bluu bila jua.

Usidanganyike na balbu ya 6500K kwa kudhani kwamba inapatana na dirisha. Balbu nyingi za bei nafuu zina ukijani ambao macho yetu huuzoea upesi lakini kamera huurekodi. Kwenye boksi tafuta alama ya CRI au Ra, ambayo hupima jinsi balbu inavyoonyesha rangi kwa uhalisi: yenye 90 na kuendelea hutunza ngozi vizuri, yenye 80 huanza kuipunguzia wekundu wake. Ngozi nyeusi ikikosa wekundu huonekana kijivu, na hapo ndipo watu husema picha imempausha mtu.

Tazama pia vitu visivyo taa. Ukuta wa kijani kibichi, sofa jekundu na kanga ya manjano iliyofunikwa mapajani hurudisha mwanga wenye rangi yake chini ya kidevu. Funika vilivyo karibu na uso kwa kitambaa cheusi. Hatua hii imefanikiwa ukiweza kusema, kwa kila sehemu ya uso, mwanga wake umetoka wapi.

## Hatua ya 2: Chagua mwanga mmoja utawale

Njia iliyo bora ni kuzima taa. Wengi huona haya kuomba jambo hilo katika nyumba ya watu, lakini likiombwa kwa adabu halina shida: "Mama, naomba tuzime taa ya juu kwa dakika chache ili rangi ya bibi harusi itoke vizuri." Sijaona mwenye nyumba akikataa ombi la namna hiyo.

Kuna wakati taa haizimiki, kama pale mpambaji anapoihitaji ili aone kazi yake. Hapo usijaribu kuipatanisha mianga miwili iliyo sawa kwa nguvu. Fanya mmoja uuzidi mwingine mpaka ule dhaifu usionekane. Ili kujua tofauti yao, fanya jaribio hili:

1. Zima taa, acha dirisha wazi, na upige picha ambayo uso umetoka vizuri. Kumbuka ISO uliyotumia.
2. Funga mapazia yote, washa taa, na bila kugusa kasi ya shata wala tundu la lenzi, pandisha ISO hadi uso utoke na mwangaza uleule.
3. Linganisha ISO hizo mbili. Kila ikizidishwa mara mbili ni tofauti ya stopu moja.

Katika mfano wetu, bi harusi alikuwa ameketi meta mbili kutoka dirishani. Dirisha peke yake lilitaka ISO 400, na taa peke yake zilitaka ISO 1600. Tofauti ya stopu mbili maana yake ni kwamba taa zinatoa robo ya mwanga wa dirisha, na robo inatosha kabisa kutia uchungwa unaoonekana. Kiti kiliposogezwa hadi meta moja kutoka dirishani, dirisha lilitaka ISO 200 huku taa zikibaki palepale kwenye 1600. Sasa tofauti ni stopu tatu, yaani taa ni sehemu moja tu ya nane. Hapo ndipo pa kuanzia kazi, na kusogeza kiti hakukugharimu chochote.

Hata hivyo stopu tatu hizo zimepimwa upande wa uso unaotazama dirisha. Upande wa pili dirisha halifiki, kwa hiyo hata taa dhaifu ndiyo inayotawala huko. Ndiyo sababu ya ule ubao mweupe: usimamishe upande wa kivuli, karibu na uso kadiri fremu inavyoruhusu, ili urudishe mwanga wa dirisha mahali palipokuwa mali ya taa. Usogeze polepole huku ukitazama shavu la ndani. Utaona uchungwa ukipungua na umbo la taya likitokea. Weusi wa ngozi una vivuli vizuri sana, na ubao usiwekwe karibu kiasi cha kuvifuta vyote.

Onyo moja kuhusu taa zinazobaki zimewaka. Umeme wa Tanzania na Kenya una marudio ya 50 Hz, na balbu nyingi za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde ingawa hatuoni. Shata ikiwa ya kasi sana, picha moja itatoka na rangi tofauti na inayofuata, au itakuwa na michirizi. Tumia 1/50 au 1/100.

## Hatua ya 3: Pima mwangaza kwa ajili ya ngozi

Kasoro nyingi zinazoitwa za rangi ni kasoro za mwangaza. Kamera hulenga kuifanya fremu iwe na mwangaza wa wastani, kwa hiyo ikiona gauni jeupe na dirisha nyuma ya mtu hupunguza mwangaza, na uso mweusi unazama. Uso uliozama una taarifa chache za rangi. Ukiuinua baadaye kwenye kompyuta utapata chembechembe, na vivuli vitageuka kuwa vyekundu vichafu au vya zambarau.

Weka kamera kwenye upimaji wa Spot na upime kadi ya kijivu ikiwa imeshikwa mbele ya uso. Kipimo kikikaa sifuri, mwangaza umekubali. Ikiwa huna nafasi ya kadi, pima shavu lililo upande wa mwanga na ukiache kipimo karibu -1 kwa ngozi nyeusi sana, kwa sababu ngozi hiyo hurudisha mwanga mdogo kuliko kadi. Kwa mtu wa maji ya kunde, kipimo kitakaa karibu zaidi na sifuri. Ukikiweka sifuri kwa mtu mweusi tii utamfanya awe na rangi ya mtu mwingine, na hilo si jambo dogo kwake wala kwa mama yake.

Utajua umefanikiwa ukiona macho na mstari wa nywele vinasomeka kwenye kioo cha kamera, na mng'ao wa paji la uso bado una umbo wala haujawa doa jeupe tupu. Nje ya dirisha pakiungua, acha paungue.

## Hatua ya 4: Piga picha ya kadi ya kijivu

Mwombe anayepigwa picha ashike kadi chini ya kidevu chake, katika mwanga uleule unaoangukia uso. Taa zikiwa zimezimwa, kadi itazame kamera. Taa zikiwa zimebaki zimewaka, igeuze kidogo kuelekea dirishani ili isome mwanga uliouchagua kuwa mtawala. Kadi inayopokea mianga miwili kwa pamoja hutoa wastani wa rangi ambao si wa upande wowote: mng'ao wa upande wa dirisha utabaki na bluu na upande wa taa utabaki na uchungwa. Wengi wenye kadi nzuri bado hupata picha mbaya kwa sababu hiyo.

Kamera iweke kwenye WB ya kudumu, kwa mfano 5500K, badala ya Auto. Auto hubadilisha uamuzi wake kila fremu kulingana na nguo na ukuta, na ikikutana na uso wa kahawia uliojaza fremu inaweza kudhani kwamba kahawia hiyo ni uchafu wa mwanga, ikaiondoa. Rudia picha ya kadi kila mtu anapohama, wingu linapofunika jua, au taa inapowashwa.

## Hatua ya 5: Weka mizani ya picha nzima

Kabla ya kufungua programu, zima hali ya usiku ya kompyuta inayotia kioo unjano, na ukae mahali ambapo jua halipigi kioo.

Fungua picha ya kadi, bonyeza `W`, na uguse katikati ya kadi kwa White Balance Selector. Katika mfano wetu vitelezi vilikaa kwenye Temp 5350 na Tint +9. Nakili namba hizo kwa picha zote za mwanga huo kwa kutumia Sync. Kumbuka kwamba ndani ya programu, namba kubwa ya Temp hufanya picha iwe ya joto zaidi, yaani ya manjano. Tint ikienda kushoto huongeza kijani, ikienda kulia huongeza rangi ya waridi.

Usiguse ukuta, wala jino, wala weupe wa jicho kwa chombo hicho. Hakuna kati ya hivyo kilicho cheupe kweli.

## Hatua ya 6: Soma ngozi mahali pawili

Hapa ngozi nyeusi hutofautiana na ngozi nyeupe kwa namna ambayo maelekezo mengi huiruka. Kila ngozi hurudisha mwanga kwa njia mbili. Sehemu moja ya mwanga huingia ndani, ikachukua rangi ya ngozi, ikatoka. Sehemu nyingine hurudi moja kwa moja kutoka juu ya ngozi na mafuta yake, ikiwa na rangi ileile ya taa iliyoitoa. Kwa kuwa ngozi nyeusi humeza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia ndani, ule mng'ao wa juu huonekana waziwazi pajini, puani na kwenye mifupa ya mashavu. Kila mng'ao ni picha ndogo ya chanzo cha mwanga, pamoja na rangi yake.

Kwa hiyo peleka kishale kwanza kwenye mng'ao, kisha kwenye shavu lisilong'aa, na usome asilimia za R, G na B, yaani nyekundu, kijani na bluu, chini ya histogramu. Mng'ao unaotokana na dirisha ulilolichagua unapaswa kuwa na namba tatu zinazokaribiana, R ikiwa mbele kidogo. Shavu linapaswa kufuata mpangilio wa R kubwa kuliko G, na G kubwa kuliko B, bila B kuanguka kabisa.

Katika picha ya bi harusi yetu, mng'ao wa paji ulisoma 70, 69, 67, na shavu la upande wa dirisha 41, 29, 22. Yote mawili ni mazuri. Shavu la ndani lilisoma 36, 22, 11. Bluu imeporomoka hadi nusu wakati nyekundu imepungua kidogo tu, na hiyo ndiyo alama ya balbu ya njano. Kama G ingekaribia R, tungekuwa na ukijani wa taa ya bei nafuu au wa ukuta. Na kama B ingeizidi G penye shavu, ngozi ingekuwa imepauka kwa bluu.

Namba hizi si sheria ya kila uso, kwani kuna watu weusi wenye wekundu, wenye udhahabu na wenye ubluu wa asili. Zitumie kulinganisha sehemu za uso mmoja. Mkono wa mtu huyohuyo uliokaa penye mwanga safi wa dirisha ni shahidi bora kuliko uso wa mtu mwingine uliopendezwa nao.

## Hatua ya 7: Rekebisha upande uliobaki pekee

Fungua Masking, chukua Brush laini, na upake shavu la ndani, upande wa shingo na sikio. Usivuke pua. Katika eneo hilo rudisha Temp nyuma kidogokidogo. Kwa bi harusi yetu, -14 ilitosha, na Saturation ikashushwa -6. Shavu likasoma 34, 24, 17: bado lina joto kuliko upande wa pili, lakini sasa ni mtu mmoja mwenye uso mmoja.

Usilazimishe pande zote mbili zisome sawasawa. Macho yanategemea kivuli cha ndani ya nyumba kiwe na joto kidogo, na ukikiondoa chote, kivuli hugeuka kijivu na mtu aonekane mgonjwa.

Mng'ao wenye rangi ngeni, kama doa la bluu linalotokana na taa ya duara ya mpambaji, hutibiwa peke yake. Paka doa hilo tu, ongeza Temp kidogo na upunguze Saturation. Usilifute mpaka uso ukose mng'ao, kwa sababu ngozi nyeusi isiyo na mng'ao hupoteza umbo lake.

Kuna vitelezi viwili ninavyoomba mviogope. Cha kwanza ni Luminance ya Orange, ambacho watu hukipandisha ili "kung'arisha" uso. Kinapandisha rangi ya ngozi yote pamoja na vivuli vyake, na matokeo ni uso bapa ulioparara, ambao mwenyewe hautambui. Uso ukiwa na giza, pandisha Exposure ndani ya eneo la uso. Cha pili ni Contrast, kwani huongeza pia ukali wa rangi, na vivuli vya ngozi nyeusi hugeuka vyekundu haraka. Ukikihitaji, fuatanisha na kupunguza Saturation ya Red kidogo.

## Hatua ya 8: Hakiki kabla ya kukabidhi

Geuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa muda kwa kubonyeza `V`. Doa ambalo bado linaonekana ni tatizo la mwangaza au la ukingo wa brashi. Doa linalotoweka ni la rangi tu. Irudishe kwenye rangi, uipunguze iwe ndogo kama ukubwa wa kioo cha simu, kisha tazama uso, shingo, kifua na mikono kwa pamoja. Vipodozi vinaweza kuufanya uso uwe tofauti na shingo kihalali, lakini mikono miwili ya mtu mmoja haiwezi kuwa na rangi mbili.

Toa faili katika sRGB, ulitazame kwenye simu zaidi ya moja, na kwa kazi ya albamu uchapishe kwanza picha ndogo moja ya majaribio. Itazame kando ya dirisha, maana ukiitazama chini ya balbu ya njano utakuwa unaihukumu balbu.

Zipo picha zisizotibika: JPEG ambamo B ya shavu imefika sifuri, au uso uliokatwa katikati na taa ya kijani upande mmoja na ya zambarau upande mwingine, kama ilivyo katika kumbi nyingi za sherehe. Hizo zigeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe moja kwa moja, na nyongeza ya dakika uitumie kwenye fremu ambazo taa zake ulizizima.